Forfe isiishe kabla ya wiki: maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa wanachama



Wengi wetu tuna ndugu waliobaki Nyarugusu, na sauti yao inatufikia kwa simu. Lakini forfe, au bando kama tulivyozoea kusema kule Kigoma, inaliwa na video kabla habari ya nyumbani haijaingia. Leo tuongee juu ya YouTube tu.

Tuchukue forfe ya MB 500. Video ikipita kwa ubora wa 720p, saa moja inakula karibu MB 1000. Maana yake forfe yote inakwisha kwa nusu saa hivi. Video ileile kwa 144p inakula karibu MB 100 kwa saa, basi forfe inafika saa tano. Wimbo wa kwaya unasikika vizuri tu, ila sura zinakuwa na ukungu. Kama ni somo lenye maandishi ubaoni, pandisha 360p, kwa sababu kwa 144p hutasoma kitu.

Video ikiwa inacheza, gusa kioo, kisha gusa alama ya gurudumu lenye meno. Ingia Quality, halafu Advanced, chagua 144p. Angalieni: hiyo ni kwa video ile moja tu, inayofuata inaweza kurudi juu. Ili ibaki chini siku zote, ingia Settings, kisha Video quality preferences, na kwenye mobile networks uchague Data saver. Simu iliyo kwa Kifaransa itaandika kwa Kifaransa, lakini gurudumu ni lilelile.

Jambo la pili ni Autoplay. Ni kitufe kidogo juu ya video. Kikiwa kimewashwa, video ikiisha nyingine inaanza yenyewe, hata kama umeweka simu chini ukaenda kuchota maji. Kizime. Humo ndani ya Settings tafuta pia Playback in feeds, uweke Off, ili video zisianze kucheza wakati unapitisha kidole tu.

La tatu ni Loop video, nayo iko kwenye gurudumu. Ikiwashwa, video inarudia bila mwisho. Kipande kifupi mara nyingi simu imeshakishika, hakili sana. Video ndefu inaweza kuvutwa upya kila mzunguko.

Utajuaje umefaulu? Kwenye mipangilio ya simu, fungua matumizi ya data, uandike namba iliyo mbele ya YouTube. Tazama dakika kumi, halafu urudi kuisoma. Ikiongezeka MB 15 au 20, umefunga vizuri. Ikiongezeka 100 na zaidi, ubora bado uko juu: rudi kwenye gurudumu.

Asiyeweza kufungua hayo peke yake alete simu kikao kijacho, tutafungua pamoja.