Soda Yako Iko Wapi?

Leo tuongee habari ya kutoka jioni. Wengi wenu hapa Kilwa, Idd ikifika, mnakwenda Lindi mjini kwa shangazi au mjomba, na wengine mnafika mpaka Dar. Hapa Masoko au Kivinje ukikaa na mtu asiyeeleweka, kabla hujafika nyumbani habari zimeshafika. Mjini hakuna anayekujua, kwa hiyo inabidi mlindane wenyewe.

Tuchukue mfano. Wasichana watatu wa kidato cha tatu wanataka kwenda kwenye muziki Lindi, jioni ya Idd mosi. Kitu cha kwanza kupanga si nguo, ni kurudi. Wanakubaliana kuondoka saa tatu usiku, tena wote pamoja. Shangazi anamwita dereva wa bajaji anayemfahamu, na namba yake inaandikwa kwenye karatasi, maana simu huisha chaji au huibiwa. Nauli ya kurudi inakunjwa na kufichwa mbali na pochi. Hiyo si hela ya chipsi! Asiye na nauli ndiye anayekubali lifti ya mtu asiyemjua, au kupanda mshikaki kwenye bodaboda ya dereva aliyelewa.

Wakifika ukumbini wanaangalia mambo mawili tu: je, njia ya chooni ina taa, na je, kuna mlango mwingine wa kutokea? Kama ni baa, wanageuza. Sheria hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na mwenye baa asiyejali sheria hiyo hatakujali wewe ukipata matatizo.

Sasa soda. Wanainunua wenyewe kaunta, inafunguliwa mbele ya macho yao, na wanakunywa kwenye chupa. Mdomo wa chupa ni mwembamba, ni rahisi kuufunika kwa kidole gumba. Glasi iko wazi kwa kila mtu. Mmoja akienda chooni anakwenda na mwenzake, na anayebaki anazishika chupa zote. Soda iliyoachwa peke yake mezani imekwisha hiyo, hata kama imenywewa funda moja. Simu nayo haikai mezani.

Mkisikia “kuwekewa dawa” mnafikiria vidonge vya usingizi. Ni kweli vipo, na vingine havina ladha wala rangi ya kukustua. Lakini kinachowekwa mara nyingi ni pombe kali yenyewe. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku mwaka 2017, ila chupa ndogo zipo. Hebu tupige hesabu: chupa ya mililita 200 yenye kileo asilimia 35 ina mililita 70 za kileo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo kachupa kale kadogo ni karibu bia tatu, na sukari ya soda inaficha ukali wake.

Utajuaje? Mwenzako amekunywa soda moja tu, lakini ndani ya nusu saa au zaidi kidogo anapepesuka, ulimi mzito, anasinzia, anauliza jambo lile lile mara mbili. Usiseme “anajifanya”. Na akitokea kaka mkarimu anayetaka kumpeleka nje “apate hewa”, jibu ni hapana. Mara nyingi huyo huyo ndiye aliyeleta soda.

Wasichana wetu wakikuta hali hiyo wanamwambia mhudumu, wanampigia shangazi, na hawamwachi mwenzao hata dakika moja. Akilala, wanamlaza ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, ili akitapika asipaliwe. Hawampi maziwa wala maji ya chumvi ili atapike. Mtu aliyesinzia anaweza kuyavuta mapafuni. Akiwa haamki, au anapumua polepole kwa kukoroma, ni hospitali mara moja. Pale Lindi mjini ipo Hospitali ya Mkoa ya Sokoine. Waseme wazi kwamba wanashuku amewekewa kitu. Baadhi ya dawa hutoka mwilini ndani ya saa 12 tu, kwa hiyo kipimo cha mkojo kisisubiri kesho. Hata hivyo, kipimo kisipoonyesha kitu, si ushahidi kwamba amedanganya.

Na kama ameamka asubuhi hakumbuki kitu, na anahofia ameingiliwa? Aende hospitali kabla ya kuoga, akiweza. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku tano, lakini nguvu hupungua kila siku inayopita. Polisi wanapatikana kwa namba 112, na simu ya watoto ni 116.

Wavulana, msicheke. Dawa ile ile inawalaza ninyi, mnaamka bila simu na bila viatu. Na ukimwona rafiki yako anamimina kitu kwenye soda ya binti, mwambie binti pale pale. Haya, maswali?