Wasifu wa Meneja Mwandamizi: Kurasa Mbili, Basi

Msikilizaji unayeomba ukurugenzi, usiandike "nilisimamia faida na hasara" ukaishia hapo. Tuseme ulikabidhiwa kiwanda chenye mauzo ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka, kikiwa na hasara ya milioni 900, na miaka 2 baadaye kikapata faida ya milioni 400. Andika hivyo hivyo, kisha utaje ulichofanya: ulisimamisha bidhaa zisizolipa, ukajadili upya bei ya malighafi. Bila hayo, msomaji atadhani soko lilipanda lenyewe. Kuhusu bodi, taja uamuzi ulioidhinishwa kutokana na taarifa zako za robo mwaka. Wasifu ukizidi kurasa mbili, kazi za zamani zibakize cheo, mwajiri na miaka, ukubwa wa herufi usiupunguze.