Ulanzi na Vidonge vya Sonona: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata za Njombe na Makambako



Katika vyumba vya matabibu husikika mara kwa mara jibu moja ambalo mtu asiyeijua nchi hii huenda akalicheka. Mgonjwa huulizwa kama anakunywa pombe, naye hujibu kwa unyofu kabisa: "Hapana, mimi hunywa ulanzi tu." Hasemi uongo. Kwake pombe ni bia ya chupa au gongo, na ulanzi ni kinywaji cha nyumbani, maji ya mianzi, kitu cha kukata kiu baada ya kazi ya shamba. Jibu hilo lakini limewagharimu watu afya zao, hasa waliokuwa wakimeza dawa za sonona, na ndiyo sababu mazungumzo haya yanaanzia hapo.

Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha. Mtu hupoteza hamu ya kazi, ya chakula na ya watu. Usingizi humkatika usiku wa manane. Mawazo ya kujilaumu humwandama, na wengine hufikia kutamani kufa. Vituo vya tiba hutumia zaidi dawa mbili. Ya kwanza ni amitriptilini, vidonge ambavyo kwa kawaida ni vya miligramu 25, navyo humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi. Ya pili ni fluoksetini, kidonge cha miligramu 20 kinachomezwa asubuhi, kwa kuwa hakilazi sana na pengine humfanya mtu awe macho. Zote mbili hufanya kazi polepole. Wiki mbili hadi nne hupita kabla huzuni haijaanza kupungua, na mara nyingine sita. Usingizi na ukavu wa mdomo huja tangu siku za mwanzo. Yaani adha ya dawa hutangulia faida yake, na katika pengo hilo wengi hukata tamaa.

Mfano ufuatao umetungwa, lakini kila kipande chake ni cha kawaida.

Mpasuaji mbao wa miaka 41, mkazi wa Njombe, alifika kituo cha afya akiwa na miezi mitatu ya kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena. Chakula hakikumpendeza, na mkewe alisema mume wake amekuwa mtu wa kukaa kimya jikoni akitazama moto. Tabibu alimwandikia amitriptilini, kidonge kimoja usiku, kisha viwili baada ya wiki moja. Wiki ya tatu alirudi na malalamiko. Dawa, alisema, imemwongezea uzito wa kichwa asubuhi, mguu ulimteleza mbele ya msumeno mara mbili, na huzuni iko palepale. Aliomba dawa yenye nguvu zaidi.

Hapo tabibu angeweza kuongeza vidonge, na angekosea. Badala yake aliuliza upya. Hakusema "pombe", aliuliza, "Ukitoka kazini unapitia wapi, na unakunywa nini, lita ngapi?" Jibu likawa lita mbili za ulanzi kila jioni, na mtu huyo humaliza saa mbili usiku, hurudi nyumbani, hula kidogo, kisha humeza vidonge vyake saa tatu.

Hesabu yake ni nyepesi. Ulanzi hauna kibandiko cha nguvu kama bia. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi la mwanzi wakati wa mvua, utomvu hudondokea katika mbeta, nao huanza kuchacha humo humo, kwa kuwa mbeta iliyotumika jana imebaki na hamira yake. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu na hafifu. Huo huo jioni, au siku ya pili, ni mkali. Mnywaji hajui anachokunywa, na muuzaji hajui pia. Ukikadiriwa kuwa na kilevi asilimia 4, lita mbili zina mililita 80 za kilevi halisi, yaani gramu 63 hivi. Mwili wa mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kahawa, maji ya baridi wala supu inayouharakisha. Gramu 63 zinahitaji saa sita mpaka tisa. Kiasi fulani huondoka wakati mtu angali anakunywa, lakini saa tatu usiku, vidonge vinapoingia tumboni, sehemu kubwa ya kilevi ingali katika damu.

Kinachofuata ni vitu viwili vinavyolaza, vikiwa ndani ya mtu mmoja. Kilevi hupunguza kasi ya ubongo. Amitriptilini nayo huleta usingizi. Vikikutana, kila kimoja humzidishia mwenzake nguvu. Tena ini, likiwa limeshughulika na kilevi, huchelewa kuivunja dawa, hivyo dawa hupanda katika damu kupita kipimo alichokusudia tabibu. Shinikizo la damu hushuka mtu anaposimama ghafla, na huenda akaanguka njiani kwenda chooni. Asubuhi kilevi kimeisha, dawa ingalimo, na huyo mtu anasimama mbele ya msumeno. Kule kuteleza mara mbili hakukuwa bahati mbaya.

Kwa Njombe kuna jambo la kuongeza. Kilevi humpa mnywaji hisia ya joto kwa kufungua mishipa ya ngozi, lakini kwa njia hiyo hiyo joto la mwili humtoka. Mtu aliyelazwa na vitu hivi viwili, akaketi kando ya njia apumzike kidogo katika usiku wa Juni au Julai, aweza asihisi baridi inayomuua.

Vipi kuhusu huzuni yenyewe? Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu saa ya kwanza ya kunywa huleta nafuu ya kweli. Mzigo hupungua, mtu huongea, hucheka. Kilevi kinapotoka mwilini, ubongo huachwa umechangamka kwa namna mbaya: moyo hudunda, wasiwasi huja, na usingizi hukatika katika nusu ya pili ya usiku. Mpasuaji mbao alikuwa akiamka saa tisa. Je, ni sonona iliyomwamsha au ni ulanzi? Hakuna aliyeweza kujua, na hilo ndilo lililokuwa tatizo kubwa kuliko yote. Dalili za kileo zilikuwa zimefunika dalili za ugonjwa, na dawa ilikuwa ikihukumiwa kwa kosa lisilo lake. Anayekunywa kila siku kwa kiasi hicho hurudishiwa huzuni kila alfajiri, hata dawa ifanye kazi yake vizuri namna gani.

Baadhi ya watu, wakishayasikia hayo, hubuni dawa yao wenyewe: siku ya mnada au ya harusi hawamezi kidonge, wanakunywa, kesho wanaendelea. Njia hiyo haisaidii. Amitriptilini ya jana ingalimo mwilini leo jioni, na fluoksetini hudumu kwa wiki kadhaa. Mtu anayeruka dozi moja anakunywa juu ya dawa ile ile aliyodhani ameikwepa. Akiruka mara kwa mara, kiwango cha dawa hupanda na kushuka, huja kichefuchefu, hasira za ghafla na kukosa usingizi, na zile wiki za kungojea nafuu hazifiki mwisho.

Makambako ina sura yake. Pale njia panda, ambapo barabara ya Songea inaachana na ile iendayo Tunduma, wamo madereva na wapakiaji wengi ambao tabibu huona afadhali kuwapa fluoksetini kwa sababu haiwalazi. Ni chaguo la busara. Lakini dereva aliyeambiwa kwamba dawa hii hailazi hutafsiri kwamba inaruhusu. Ni kweli kwamba fluoksetini haizidishi usingizi wa pombe kama amitriptilini. Bia nne za jioni zenyewe lakini hazipungui nguvu kwa ajili hiyo: chupa nne za nusu lita zenye kilevi asilimia 5 zina gramu 79 hivi, nazo zaweza kuwa bado ziko ndani lori linapoondoka alfajiri. Na madhara yake kwa huzuni ni yale yale.

Tabibu wa Njombe hakumwambia mgonjwa wake aache siku hiyo hiyo. Kwanza aliuliza kama mikono humtetemeka asubuhi kabla ya kunywa, kama hutoka jasho, kama amewahi kuanguka kifafa siku aliyokosa kileo. Swali hilo ni la lazima. Mnywaji mkubwa wa muda mrefu akikata ghafla, katika siku mbili tatu anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na hali hiyo huua. Mtu wa namna hiyo huachishwa chini ya uangalizi wa hospitali. Mpasuaji mbao hakuwa na dalili hizo. Wakapatana apunguze nusu lita kila baada ya siku tatu, vidonge vibaki viwili bila kuongezwa, na asishike msumeno mpaka kichwa kiwe chepesi. Kwa siku kumi alipanga mbao tu, kwa ujira mdogo, na hakuipenda kazi hiyo.

Tabibu aliuliza jambo jingine pia, faraghani, bila kuzungukazunguka: je, amewahi kufikiria kujiua? Alijibu kwamba ndiyo, usiku, baada ya kunywa. Kilevi huondoa woga na subira kwa pamoja, na amitriptilini ikizidi kipimo huvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo alipewa vidonge vya wiki moja moja badala ya mwezi, mkewe akavitunza, na siku ya kurudi ikawekwa karibu.

Wiki ya nne baada ya kuacha ulanzi alilala hadi saa kumi na moja. Huzuni haikuwa imekwisha, lakini alianza kula, na mkewe alisema amekaripia watoto kwa mara ya kwanza tangu masika, jambo aliloliona kuwa habari njema.

Mwishoni mwa mazungumzo mama mmoja aliuliza: mtu akishakunywa sana, na saa ya kidonge cha usiku imefika, afanye nini? Jibu ni kwamba amitriptilini ya usiku huo iachwe, imezwe kesho usiku kwa kipimo cha kawaida, isifidiwe kwa vidonge viwili, na tabibu aelezwe. Huo ni usiku wa dharura, wala si ruhusa ya kupanga. Na kama vyote viwili vimekwisha kuingia, alazwe ubavu, asiachwe peke yake, wala asitapishwe. Akiwa haamki anapotikiswa, akipumua taratibu au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, akiwa na degedege au mapigo ya moyo yaliyovurugika, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na pakiti ya vidonge vyake, hata kama ni saa nane za usiku.