Pombe Ndani ya Sufuria: Kinachobaki Baada ya Mchuzi Kutokota

Maelezo yaliyotolewa kwa walaji, Moshi



Katika mikutano yetu hapa mjini na huko juu mlimani, kuanzia Machame hadi Marangu, swali moja hurudi mara kwa mara. Anayeuliza huenda ni mama mjamzito aliyealikwa kwenye sherehe ya ukoo. Huenda ni Mwislamu aliyeagiza nyama hotelini, au baba aliyeacha kunywa baada ya kuhangaika miaka mingi. Wote huuliza: nyama iliyopikwa kwa bia, au mchuzi uliotiwa mvinyo wa Dodoma, una pombe au hauna? Na wote wameshapewa jibu lile lile na mpishi: "Usiwe na wasiwasi, imechemka, pombe yote imeshatoka."

Jibu hilo si sahihi. Leo tutaeleza kwa nini, kisha tutapima pamoja sufuria moja ili kila mmoja aweze kufanya hesabu hiyo nyumbani kwake.

Tuanze na lugha yenyewe, maana hapa Uchagani lugha huchangia kutupoteza. Sisi husema mbege "inapikwa". Ni kweli kwamba ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, na ulezi ulioota hupikwa uji. Lakini moto huo hutangulia. Uchachu huja baadaye, vitu vikiwa vimepoa, na alkoholi huzaliwa katika uchachu huo. Mbege inayotiwa kwenye kata haijapita motoni tangu ilipopata alkoholi yake. Kwa hiyo "kupika pombe" na "kupika kwa pombe" ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Katika la kwanza moto hauondoi chochote, kwa kuwa alkoholi bado haijakuwapo. Katika la pili moto huondoa sehemu, na ndiyo tunayotaka kuipima.

Wanaosema kwamba pombe yote hutoka wana sababu yao. Alkoholi halisi huchemka kwenye nyuzijoto 78, ilhali maji huchemka kwenye 100 pwani, na hapa Moshi kwenye takriban 97 kwa sababu ya mwinuko wetu. Mtu hufikiri hivi: mchuzi unaotokota umeshapita nyuzijoto 78, basi alkoholi imekwisha. Kosa lake ni kudhani kwamba ndani ya mchuzi alkoholi na maji vimekaa mbalimbali, kila kimoja kikingoja zamu yake ya kutoka. Vimechanganyika, navyo hutoka pamoja katika mvuke. Ni kweli kwamba mvuke wa mwanzo hubeba alkoholi nyingi zaidi kuliko ule wa baadaye, lakini ili alkoholi itoke ni lazima mvuke wenyewe utoke. Pasipotoka mvuke, hapatoki kitu.

Jambo hili lilipimwa maabara nchini Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1992. Watafiti walipika vyakula mbalimbali vyenye pombe, kisha wakapima kilichobaki. Idara ya Kilimo ya nchi hiyo hutumia makadirio yafuatayo. Pombe ikimiminwa katika mchuzi unaochemka na sufuria ikaepuliwa papo hapo, hubaki asilimia 85 ya alkoholi. Ikichanganywa na chakula na kutokota kwa dakika 15, hubaki asilimia 40. Baada ya nusu saa hubaki asilimia 35, baada ya saa moja asilimia 25, na baada ya saa mbili asilimia 10. Hata baada ya saa mbili na nusu hubaki kama asilimia 5. Wale wapishi wa hoteli wanaowasha moto juu ya kikaango ili wageni waone miali nao wasitudanganye: moto ule huzimika mapema, na robo tatu ya alkoholi hubaki katika chakula.

Sasa tuweke sufuria jikoni. Tuseme familia ya watu sita inapika kilo moja na nusu ya nyama ya ng'ombe, na mpishi anamimina chupa moja ya bia ya mililita 500. Lebo inasema alkoholi ni asilimia 5. Asilimia 5 ya mililita 500 ni mililita 25, na kwa kuwa alkoholi ni nyepesi kuliko maji, uzito wake ni takriban gramu 20. Nyama inatokota kwa saa moja, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo. Tukichukua asilimia 25, zimebaki gramu 5. Tukigawa kwa watu sita, kila mmoja anapata chini ya gramu moja. Mnywaji wa chupa nzima angepata gramu 20.

Linganisheni na sufuria ya pili. Mpishi wa mkahawa anatengeneza mchuzi mzito wa kumiminia samaki wa watu wanne. Anatumia mililita 200 za mvinyo wenye asilimia 12, ambazo zina takriban gramu 19 za alkoholi, karibu sawa na chupa ile ya bia. Lakini yeye anautia mvinyo mwishoni, "kwa harufu", anakoroga na kuepua. Zimebaki kama gramu 16, yaani gramu 4 kwa kila sahani. Hiyo ni sehemu ya tano ya chupa ya bia, imo ndani ya chakula, na huenda aliyekiagiza hajui.

Sufuria zote mbili zilianza na kiasi cha alkoholi kinachokaribiana. Kilichozitofautisha ni wakati wa kutia pombe, muda wa kutokota na idadi ya walaji. Kuna jambo la nne, nalo ni upana wa chombo na mfuniko wake. Sufuria nyembamba iliyofunikwa barabara hurudisha mvuke: matone hujikusanya chini ya mfuniko na kudondoka tena kwenye mchuzi, yakiwa na alkoholi yake. Kwa hiyo yale makadirio tuliyoyataja ni mwongozo tu, si kipimo cha kila jiko. Chombo kipana kilicho wazi hubakiza kidogo zaidi, na chembamba kilichofunikwa hubakiza zaidi.

Mtu atajuaje? Asitegemee pua wala ulimi. Harufu kali ya mvinyo hupungua mapema, ilhali alkoholi bado ipo, na uchungu wa bia hubaki hata alkoholi ikipungua. Alama bora ni kina cha mchuzi. Anayetaka kuondoa alkoholi kwa kadiri iwezekanavyo aanze kwa kuichemsha pombe peke yake katika kikaango kipana kisicho na mfuniko, kabla ya kutia nyama, nyanya au supu. Achovye mwiko wa mti na kuangalia umelowa hadi wapi, kisha achemshe hadi kina kifike nusu ya alama hiyo. Mvinyo uliopungua hadi nusu kwa njia hii umepoteza sehemu kubwa sana ya alkoholi yake. Ndipo atie vitu vingine na kuendelea kupika. Mchuzi uliotokota kwa saa nzima lakini haujashuka hata kidogo haujatoa mvuke wa kutosha, kwa hiyo saa hiyo isihesabiwe.

Tukija kwenye kalori, mambo yanageuka kidogo. Gramu moja ya alkoholi ina kalori 7, na gramu moja ya sukari au wanga ina 4. Chupa yetu ya bia ina kalori takriban 140 za alkoholi na takriban 70 za wanga na sukari. Baada ya saa moja ya kutokota, kalori za alkoholi zimeshuka hadi 35. Zile 70 hazikupungua hata moja, maana sukari haitoki na mvuke. Zimebaki 105, na kwa watu sita ni chini ya 20 kwa kila sahani. Mpishi huyo huyo akikaangia nyama hiyo vijiko vinne vikubwa vya mafuta, ameongeza kalori 480, yaani 80 kwa kila mtu. Anayepunguza uzito aangalie kwanza chupa ya mafuta.

Tahadhari moja ni kuhusu mvinyo mtamu. Ukiuchemsha hadi nusu, alkoholi huondoka lakini sukari yote hubaki na kujikusanya katika mchuzi mchache, na kila kijiko kinakuwa na sukari maradufu. Mwenye kisukari apikiwe kwa mvinyo mkavu, au asitiliwe kabisa. Mbege nayo ina wanga wa ulezi, ambao huzama na kuungua chini ya sufuria, tena haina lebo. Nguvu yake hutofautiana kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine na kati ya siku moja na nyingine, kwa hiyo hesabu tuliyofanya haiwezi kufanyika kwake kwa uhakika.

Je, gramu moja ina madhara? Kwa mtu mzima mwenye afya asiyejizuia na pombe, sahani ya nyama yetu ya kwanza haiwezi kumlevya. Lakini wapo ambao swali lao si la kulewa. Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Anayetumia dawa aliyoambiwa asiichanganye na pombe, kama metronidazoli, amuulize mfamasia kabla ya kula chakula cha namna hii. Aliyeacha kunywa anaweza kusumbuliwa na ladha yenyewe, hata alkoholi ikiwa ndogo. Watoto tusiwapakulie. Na kwa Mwislamu hukumu ni ya dini yake, wala haitokani na hesabu ya gramu. Anachostahili kutoka kwa mpishi ni ukweli.

Kwa hiyo tunawaomba wenye mikahawa, na pia kina mama na kina baba wanaopika kwenye misiba, harusi na ubarikio, waseme mapema kwamba chakula kina pombe, na watenge sufuria nyingine isiyo nayo. Pahali pa bia panaweza kujazwa na supu ya mifupa, na pahali pa mvinyo na ukwaju au ndimu na maji kidogo. Nanyi walaji, mnapokuwa mezani, msiulize kama pombe "imetoka". Ulizeni maswali matatu: Ilitiwa kiasi gani? Ilitiwa lini? Ilitokota wazi au ilifunikwa? Mpishi asiyeweza kuyajibu hana uhakika wa kuwapa, na mwenye sababu ya kujizuia aagize chakula kingine.