Deni la Bei za Jana

Msikilizaji, Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5. Je, lengo likikosewa?

Chukua kapu la shilingi 1,000. Mwaka wa kwanza bei zapanda kwa asilimia 8: kapu sasa ni 1,080, badala ya 1,050. Benki inayolenga mfumuko, kama ya Kenya, husamehe kosa hilo. Hulenga tena asilimia 5, na kapu hufika 1,134. Benki inayolenga kiwango cha bei, kama Uswidi ilivyoamua mwaka 1931, hulipa deni: hurudisha kapu kwenye njia yake, takriban 1,103. Mwaka wa pili bei zaruhusiwa kupanda takriban asilimia 2 tu.

Kwa upande mmoja, njia hii ya kulipa deni humlinda mstaafu mwenye pensheni isiyoongezwa. Kwa upande mwingine, ikiwa ukame ndio uliopandisha bei ya unga, kulipa deni ni kupandisha riba mvua ikiwa tayari imerudi, na mfanyabiashara mwenye mkopo ndiye atakayeumia.

Swali ni hili: kosa la jana lisamehewe, au lilipwe, na nani alilipe?