Tuli, Tuli, Tuli

Msikilizaji wa Kakamega, sikiliza aya hii ya insha.

"Tulifika Malinya asubuhi. Tulikuta watu wengi uwanjani. Tulisikia ngoma za isikuti. Tuliona mafahali wawili wakiletwa. Tulikimbia walipoanza kupigana."

Umesikia? Tuli, tuli, tuli. Sentensi tano, mwanzo mmoja, urefu karibu ule ule. Fahali wanapigana, nasi tunasinzia! Kiswahili hubeba nafsi na wakati mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo ukianza na kitenzi kila mara, sauti inajirudia.

Sasa sikiliza tena.

"Asubuhi tulipofika Malinya, tulikuta watu wengi uwanjani na kusikia ngoma za isikuti. Mafahali wawili tukawaona wakiletwa. Walipoanza kupigana, tulikimbia."

Habari ni ile ile. Hatujaongeza fahali wala ngoma. Neno la wakati, asubuhi, limetangulia. Sentensi mbili zimeungana kwa "na". Mafahali wamesogea mbele ya kitenzi, ndiyo maana tumesema "tukawaona". Sentensi ndefu imekuja kwanza, kisha fupi mbili.

Lakini usipitilize. Ukianza kila sentensi na "walipo", umebadilisha wimbo tu, ngoma ni moja.

Mwanafunzi, leo jioni chukua insha yako. Pigia mstari neno la kwanza la kila sentensi. Maneno matatu yakifuatana kwa mwanzo mmoja, badilisha la katikati. Kisha msomee mtu wa nyumbani, kwa sauti.