Kugawana Bili kwa Simu: Ombi si Malipo



Leo tunazungumzia jambo linaloanza pale meza inapoondolewa vyombo. Mmoja ameilipa bili yote, na baada ya muda mfupi simu za wenzake zinalia: kila mmoja ameombwa fungu lake kupitia programu ya malipo. Huduma hii inaondoa aibu ya kudaiana ana kwa ana. Hata hivyo, imekwisha kuleta malalamiko baina ya marafiki na kuwafungulia njia matapeli.

Kwanza tufahamu kinachotumwa. Aliyelipa huandika jumla ya bili, huchagua majina ya wenzake, kisha programu hugawa na kumpelekea kila mmoja ombi. Ombi hilo ni ujumbe tu. Hakuna senti inayotoka katika akaunti yako mpaka wewe mwenyewe ukubali na kuingiza namba yako ya siri. Unaweza kukubali, kukataa, au kuliacha kwanza ukauliza.

Tuchukue mfano. Watu watano wamekula, na bili ni shilingi 96,000. Tukigawa sawasawa, fungu la kila mmoja ni shilingi 19,200. Aliyelipa anapaswa kuwaomba wenzake wanne jumla ya shilingi 76,800, kwa kuwa fungu la tano ni lake. Kosa linalotokea mara kwa mara ni aliyelipa kuchagua majina ya wenzake wanne na kusahau kujihesabu. Programu hugawa kwa wanne, na kila mmoja huombwa shilingi 24,000. Programu haikukosea hesabu; imegawa kwa idadi iliyopewa. Kosa hili hutambulikana kwa urahisi: zidisha kiasi ulichoombwa kwa idadi ya walioombwa. Ukipata bili nzima, aliyelipa amekula bure, pengine bila yeye mwenyewe kujua.

Mgawo sawa nao si lazima uwe wa haki. Ikiwa mmoja wa watano hao alikunywa chai na kula chapati kwa shilingi 6,000, zinabaki shilingi 90,000 kwa wanne, yaani shilingi 22,500 kila mmoja. Programu haijui nani alikula nini. Ikiwa inaruhusu kubadilisha mafungu, yabadilisheni kabla maombi hayajatumwa. Ikiwa hairuhusu, tumeni kila ombi peke yake. Tunashauri picha ya risiti ipigwe mkiwa bado mezani, na maelezo ya ombi yataje siku, jumla ya bili na idadi ya watu.

Tatizo la pili ni kulipa mara mbili. Mtu humpa mwenzake fedha taslimu, au humtumia kwa njia ya kawaida ya kutuma fedha badala ya kubonyeza ndani ya ombi. Deni limekwisha, lakini programu huenda isijue, na ombi likabaki wazi. Baada ya siku kadhaa linakuja kumbusho, naye aliyesahau hulipa tena. Dawa yake ni moja: ukilipa nje ya ombi, mtake mwenzako alifute siku hiyohiyo, nawe uhifadhi ujumbe wa muamala.

Tatizo la tatu ndilo zito zaidi. Tapeli hutuma ombi lenye jina linalofanana na la rafiki yako, au huandika maneno kama “marejesho yako” ili udhani unapokea fedha. Nchini India, ambako mfumo wa malipo wa UPI uliruhusu watu kutumiana maombi ya fedha, udanganyifu wa aina hii ulisababisha NPCI, shirika linalousimamia mfumo huo, kuagiza maombi baina ya watu binafsi yakomeshwe kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025. Funzo lake linatufaa sisi sote: namba ya siri huingizwa ili fedha zitoke. Anayekutaka uiingize ili upokee fedha anakudanganya.

Kwa hiyo, ombi likikufikia, soma jina lote na namba ya anayeomba. Jiulize kama mlikula pamoja siku hiyo, na kama kiasi kinalingana na bili uliyoiona. Ukiwa na shaka, mpigie rafiki yako kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si kwa namba iliyoletwa na ombi.

Na ikiwa umekwisha kulipa kimakosa, wasiliana na mtoa huduma wako mara moja ukiwa na namba ya muamala. Usingoje hadi kesho. Fedha ulizoidhinisha kwa namba yako ya siri ni vigumu kurudi, na zikishatolewa na aliyezipokea, ugumu huongezeka.